Uliomba Ununuzi, Ukasailiwa Stoo: Namna ya Kuomba Ufafanuzi kwa Adabu

Lori limefika getini. Hati ya mzigo inasema katoni 240 za sabuni, wewe umehesabu 236, na dereva ana haraka ya kuondoka. Utafanya nini?

Ni swali zuri la usaili, ila ni swali la mtunza stoo. Mwenye uzoefu atajibu kwamba anahesabu tena mbele ya dereva, hasaini 240 hata akibembelezwa, anaandika kwenye hati kwamba zimepokelewa 236 na zimepungua nne, dereva naye anasaini hapo hapo, kisha nakala inakwenda kwa mtu wa ununuzi ili adai kwa muuzaji. Sasa mfikirie msailiwa aliyeomba nafasi ya Afisa Ununuzi. Wiki nzima amejiandaa kueleza namna anavyokusanya nukuu za bei, anavyolinganisha wauzaji watatu na anavyofuatilia oda iliyochelewa bandarini. Swali la kwanza ni hilo la katoni. La pili linahusu leja ya stoo. La tatu, utapangaje bidhaa zenye tarehe ya mwisho wa matumizi ili zilizoingia kwanza zitoke kwanza. Anajibu anavyoweza, anaagwa kwa heshima, anatoka nje hajui kama kasailiwa kwa kazi aliyoiomba.

Huo ndio mfano tutakaokwenda nao. Chukulia ni kampuni ya usambazaji wa bidhaa Dar es Salaam, iliyotoa tangazo moja lenye nafasi tatu: Afisa Ununuzi, Mtunza Stoo na Msaidizi wa Hesabu. Usaili ulikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Watu wengi wakifika hapo hunyamaza na kusubiri kupigiwa simu, kwa kuogopa kwamba kuuliza kutaonekana ni ujuaji. Kunyamaza huko ndiko kunakoharibu, na sababu yake iko kwenye karatasi ambayo msailiwa haioni.

Kila mjumbe wa jopo huwa na fomu ya alama mbele yake. Juu kabisa pameandikwa jina la msailiwa na nafasi anayosailiwa, chini yake maswali au vigezo, pembeni alama. Usaili ukiisha, alama zinajumlishwa, wasailiwa wanapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na ripoti inasainiwa na kupelekwa kwa mwenye uamuzi, ambaye mara nyingi hakuwamo chumbani. Yeye anasoma jina la nafasi na alama, basi. Ikiwa fomu yako imeandikwa Mtunza Stoo, kwenye ripoti wewe ni mwombaji wa stoo, na alama hizo haziwezi kuhamishiwa kwenye ununuzi kwa sababu hukuulizwa hata swali moja la ununuzi. Kwa hiyo barua yako ya ufafanuzi inamsaidia afisa rasilimali watu kusahihisha kumbukumbu kabla ripoti haijasainiwa. Ukiiandika kwa nia hiyo, adabu inakuja yenyewe, maana humlaumu mtu.

Kwanza lakini jiulize mkanganyiko umetoka wapi, kwa kuwa sauti ya barua inategemea hapo. Mara nyingi kosa linaanzia kwa mwombaji mwenyewe. Tangazo lina nafasi tatu na anwani moja ya barua pepe, yeye anatuma wasifu wenye kichwa cha habari "Maombi ya kazi", basi. Anayechambua mamia ya maombi anafungua wasifu, anaona umewahi kufanya kazi ghalani mwaka mmoja na nusu, anakuweka kwenye fungu la stoo. Hakukuonea. Kabla ya kuandika chochote, fungua barua pepe uliyotuma siku ile uone uliandika nini kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza. Ukikuta hukutaja nafasi, barua yako ibadilike kidogo: badala ya kusema "niliomba nafasi ya Afisa Ununuzi" kana kwamba wao ndio waliokosea, sema "nilikusudia nafasi ya Afisa Ununuzi, na naona sikuitaja waziwazi katika maombi yangu". Ukweli huo mdogo unamfanya asomaye akuamini katika yote yanayofuata.

Wakati mwingine jopo limekuona unafaa kwingine na limekuhamisha kwa makusudi, ila hakuna aliyekumbuka kukuambia. Au nafasi uliyoomba imeshajazwa na mtu wa ndani baada ya tangazo kutoka. Au ulipitia kwa wakala wa ajira, naye akalipeleka jina lako kwenye nafasi aliyokuwa na upungufu wa watu. Hapo ufafanuzi unaanza kwa wakala, wala usimruke ukamwandikia mwajiri moja kwa moja, kwa sababu mwajiri ana makubaliano na wakala na atakurudisha huko huko. Upo pia mkanganyiko wa faili, ambao ni wa nadra lakini ni mbaya kuliko yote. Utaujua pale mjumbe anapokuuliza kuhusu miaka yako Mwanza na wewe hujawahi kufanya kazi Mwanza. Majina yetu yanafanana sana, hasa panapotumika majina mawili tu. Hilo lisemee pale pale, sentensi haijapoa: "Samahani, mimi sijafanya kazi Mwanza, huenda huo ni wasifu wa mwenzangu." Ukijibu kwa kupapasa utaonekana baadaye umejivika uzoefu usio wako.

Tukirudi kwa msailiwa wetu, wakati wake mzuri zaidi wa kuuliza ulikuwa ndani ya chumba, baada ya swali la pili. Swali moja la stoo linaweza kuulizwa kwa Afisa Ununuzi, kwani kazi hizo zinagusana. Mawili mfululizo yanatosha kukupa shaka ya haki. Unamwelekea anayeongoza, unasema kwa utulivu:

"Samahani mwenyekiti, kabla sijajibu hili naomba nihakikishe jambo moja. Maombi yangu yalikuwa ya nafasi ya Afisa Ununuzi. Usaili wa leo ni wa nafasi hiyo, au ni wa nafasi nyingine?"

Ukishauliza, nyamaza. Usieleze zaidi, usicheke kwa aibu, usiongeze "lakini hata hii sawa tu". Mwenyekiti ataangalia fomu yake. Akisema ni ya ununuzi, unashukuru na kuendelea na jibu. Akisema ni ya stoo, una haki ya kuuliza kama maombi yako ya ununuzi yatashughulikiwa kivyake, kisha endelea na usaili uliopo kwa moyo wote. Kuinuka na kuondoka katikati ya usaili ni kosa kubwa: umewapotezea ratiba, na hujui bado kama kazi hiyo ingekufaa. Kama wakati huo umepita, kuna mlango wa pili pale jopo linapouliza "Una swali lolote kwetu?" Maneno yawe yale yale. Na ukipata jibu la mdomo, bado andika barua, maana jibu la mdomo haliingii kwenye faili.

Barua iende siku inayofuata kabla ya saa sita mchana. Usaili ulikuwa Jumanne, basi Jumatano asubuhi. Jioni ile ile ya usaili bado una mhemko, na maneno ya mhemko yanajulikana hata yakivalishwa heshima. Ukisubiri hadi wiki ipite, ripoti huenda imeshasainiwa, na kuirudisha ripoti iliyosainiwa kunamlazimu afisa kumweleza mkubwa wake kwamba ofisi yake ilikosea, jambo ambalo watu wachache hulifanya kwa hiari. Iende kwa barua pepe ile ile iliyotumika kukuita, ukijibu juu ya ujumbe wao ili historia yote ionekane pamoja. Kama uliitwa kwa simu tu, tumia anwani iliyokuwa kwenye tangazo. WhatsApp iachie taarifa fupi ya kwamba umetuma barua, tena ikiwa wao ndio walioanza kukuandikia huko. Kuandika maelezo yote WhatsApp kuna tatizo lake: ujumbe unakaa kwenye simu ya mtu mmoja, na mtu huyo akienda likizo barua yako imekwenda naye.

Hii ndiyo barua ya msailiwa wetu. Kichwa cha habari kiwe na jina lake kamili, kwa kuwa ndilo afisa atakalolitafuta:

"Yah: Jina Kamili – Ufafanuzi wa nafasi niliyosailiwa Jumanne

Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili jana Jumanne saa nne asubuhi, na kwa muda ambao jopo lilinipa.

Katika tangazo lenu niliomba nafasi ya Afisa Ununuzi, na maombi niliyatuma kwa anwani hii tarehe 3 ya mwezi huu. Maswali ya usaili yalihusu zaidi upokeaji wa mizigo, leja na mpangilio wa stoo, hivyo sikuwa na uhakika kama nilisailiwa kwa nafasi ya Afisa Ununuzi au ya Mtunza Stoo.

Naomba kufahamishwa nilisailiwa kwa nafasi ipi, na kama maombi yangu ya Afisa Ununuzi bado yanashughulikiwa. Iwapo usaili wa nafasi hiyo utafanyika siku nyingine, nipo tayari kufika.

Naambatanisha nakala ya maombi yangu ya awali.

Natanguliza shukrani."

Kisha jina kamili na namba ya simu. Ni maneno kama 100, na hayahitaji kuzidi 150. Tazama kila aya inafanya nini. Shukrani ni sentensi moja. Zikiwa nne zinageuka kuwa kujipendekeza na msomaji anaanza kutafuta unachoficha. Aya ya pili inataja tarehe na inataja maswali kama yalivyokuwa, bila kusema "mlinisaili kimakosa". Msailiwa anaeleza alichokiona na mahali anapokosa uhakika, akamwachia afisa nafasi ya kukuta kosa mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima hasa ya barua hii, wala haimo kwenye "mheshimiwa" wala kwenye "kwa unyenyekevu mkubwa". Aya ya tatu ina maswali mawili tu yanayojibika kwa mistari miwili. Ukiongeza la tatu kuhusu mshahara na la nne kuhusu lini majibu yatatoka, afisa ataliweka jambo lako pembeni alishughulikie akipata nafasi, na nafasi hiyo haipatikani.

Nakala ya maombi ya awali ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwani inamwondolea afisa kazi ya kukutafuta kwenye rundo. Pamoja nayo, kama uliihifadhi, ambatanisha picha ya tangazo. Matangazo mara nyingi hufutwa mtandaoni siku ya mwisho ya maombi ikipita, na baada ya hapo hakuna anayeweza kukuonyesha sifa na majukumu yaliyoandikwa. Piga picha tangazo siku unayoomba, hasa sehemu ya majukumu, siyo kichwa peke yake.

Barua huharibiwa na vitu vichache vinavyojirudia. Kimojawapo ni kumnakili mkurugenzi mkuu ili jambo lichukuliwe kwa uzito. Uzito utakuja, ila utamwangukia afisa aliyekuita, na ndiye atakayeandika maelezo kukuhusu. Kingine ni kuanza kujibu upya maswali ya usaili ndani ya barua, kwamba siku ile hukujieleza vizuri kuhusu zile katoni. Hilo linachanganya mambo mawili na kufanya ufafanuzi uonekane ni ujanja wa kuomba alama. Cha mwisho, nacho ndicho kinachotusikitisha zaidi kukiona, ni sentensi ya "hata hivyo niko tayari kwa kazi yoyote". Tunajua inatoka wapi. Mtu amekaa mtaani muda mrefu, nauli ya kufikia usaili ameazima. Lakini kwa afisa anayepanga majina, sentensi hiyo inamaliza mjadala: jina libaki lilipo, kwenye stoo, na barua imejijibu yenyewe. Kama kweli stoo ungeikubali, subiri kwanza ujibiwe, halafu uikubali kwa jina lake na kwa masharti yake.

Ukikaa siku 5 za kazi bila jibu, piga simu. Jumatano uliandika, basi Jumatano inayofuata, kati ya saa nne na saa sita, watu wakiwa wameshamaliza vikao vya asubuhi. Salimia kama unavyosalimia mtu ofisini: "Habari za kazi, dada. Naitwa fulani, nilikuja kwenye usaili Jumanne ya wiki iliyopita. Niliandika barua pepe kuomba ufafanuzi wa nafasi, nikaona nihakikishe kama imewafikia." Unauliza kama barua imefika, hudai jibu. Mara nyingine utaambiwa haijaonekana, na utaombwa uitume tena. Itume ukiwa bado kwenye laini au mara tu ukikata. Baada ya simu hiyo moja, acha. Ya pili inaruhusiwa wiki moja baadaye, ya tatu hapana.

Majibu mengine ni mepesi kuyapokea. Wakisema ni kosa na utaitwa tena, shukuru, omba tarehe, jiandae. Wakisema nafasi ya ununuzi imejazwa na wanakufikiria stoo, una uamuzi wa ndiyo au hapana. Kama ni hapana, mistari mitatu inatosha: "Nashukuru kwa ufafanuzi na kwa kunifikiria nafasi ya Mtunza Stoo. Kwa sasa nimeamua kuendelea na kazi za ununuzi, hivyo naomba jina langu liondolewe kwenye nafasi hiyo. Nitafurahi kuomba tena mkitangaza nafasi ya ununuzi." Usieleze sababu zaidi ya hapo. Mtu anayejiondoa vizuri huwekwa kwenye kumbukumbu nzuri, na nafasi za ununuzi hujirudia.

Jibu gumu ni la tatu, na kwa kampuni za kati ndilo huja mara nyingi: "Kwetu hizo kazi zinakwenda pamoja. Afisa Ununuzi ndiye anayesimamia stoo." Linasikika kama habari njema, maana umepata ulichoomba na ziada. Hapa nenda taratibu. Katika kazi hizi kuna kanuni ya zamani ya udhibiti kwamba anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayeupokea. Zile katoni nne zilizopungua zinaonekana kwa sababu wapo watu wawili: mmoja aliagiza 240, mwingine kahesabu 236, na karatasi zao zikawekwa pamoja hazikulingana. Kazi zote mbili zikiwa za mtu mmoja, mkaguzi akikuta upungufu hana wa kumuuliza mwingine. Hata kama wewe ni mwaminifu kiasi gani, huna shahidi. Kwa hiyo swali lako linalofuata kwa mwajiri halihusu cheo tena, linahusu karatasi: nani anasaini oda, nani anasaini kupokea, nani ana ufunguo wa stoo, na hesabu ya mali inafanywa na nani kila baada ya muda gani. Uliza hivi:

"Nashukuru kwa ufafanuzi. Ili nielewe vizuri majukumu, naomba kupata maelezo ya kazi kwa maandishi, hasa upande wa nani anaidhinisha oda, nani anapokea mzigo na nani anafanya hesabu ya stoo."

Mwajiri mwenye utaratibu hatachukizwa na swali hilo. Atagundua kwamba unaijua kazi, na mara nyingine ndilo linalokurudisha kwenye ununuzi hata kama fomu ilikuandika stoo. Atakayejibu "wewe njoo tu, mengine tutayaona mbele kwa mbele" amekupa taarifa ya kutosha ya kuamulia.

Maelezo ya kazi kwa maandishi siyo fadhila. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anapoanza kazi taarifa kwa maandishi, zikiwamo maelezo ya kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka maelezo ya kazi yawemo kwenye mkataba wa maandishi, kifungu cha 10. Huhitaji kumtajia mwajiri vifungu hivyo kwenye usaili. Utaonekana umekuja na wakili. Vijue kwa ajili yako, ujue kwamba unachoomba sasa ni kitu ambacho ungepaswa kupewa baadaye hata hivyo.

Na kuna sababu ya kukiomba sasa na siyo baada ya kuripoti. Kwa sheria hiyo hiyo ya Tanzania, kifungu cha 35, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Anayeingia kazini akiwa na mkataba wa Mtunza Stoo huku moyoni anaamini atahamishiwa ununuzi, akaanza kulalamika mwezi wa tatu, analalamika katika kipindi ambacho ana ulinzi mdogo kabisa. Mazungumzo yale yale, yakifanyika kabla hajasaini, hayamgharimu kitu.

Serikalini mambo ni tofauti kidogo, na barua hii haifai kama ilivyo. Nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangazwa kwa kada, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutolewa chini ya kada na mwajiri husika. Jopo halina mamlaka ya kukuhamisha kutoka kada moja kwenda nyingine siku ya usaili. Kwa hiyo kazi yako yote ni ya kabla. Majina yakitoka, angalia jina lako liko chini ya kada gani, kisha ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal ulinganishe na maombi uliyotuma, wakati huo huo ukinakili namba yako ya usaili. Ukiona havilingani, wasiliana nao kwa njia zilizotajwa kwenye tangazo kabla hujafunga safari, kwa sababu chakula, usafiri na malazi ni juu yako. Kama umegundua mlangoni, mwone msimamizi anayehakiki vyeti kabla ya kuketi, ukiwa na nakala ya maombi yako. Ukishafanya mtihani wa mchujo wa kada isiyo yako, alama zake haziwezi kutumika kwenye kada uliyoomba.

Watu huchanganya jambo moja hapa. Waliofaulu usaili wakakosa nafasi wanaweza kuwekwa kwenye kanzidata na baadaye kupangiwa kazi kwa mwajiri mwingine. Ukipangiwa halmashauri uliyokuwa huifikirii kwa kada ile ile uliyosailiwa, hapo hakuna nafasi tofauti ya kuombea ufafanuzi. Na kwa kazi za ununuzi na ugavi, soma pia sharti la usajili wa PSPTB, yaani Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, maana tangazo likilitaja kwa kada moja na kutolitaja kwa nyingine, hiyo peke yake inaweza kueleza kwa nini jina lako limeonekana ulikoliona.

Turudi kwa kampuni yetu ya Dar es Salaam. Barua ya ajira ikija, isome kwa penseli mkononi kabla ya kusaini. Cheo kilichoandikwa juu kilingane na kilichomo kwenye maelezo ya kazi, na vyote viwili vilingane na jibu ulilopewa kwa barua pepe. Tofauti ikiwepo, mara nyingi ni mwandishi aliyetumia barua ya mtu mwingine akabadilisha jina tu. Rudisha siku hiyo hiyo kwa mstari mmoja: "Nimepokea barua kwa shukrani. Cheo kimeandikwa Mtunza Stoo, ilhali kwa barua pepe yenu ya tarehe 14 tulikubaliana Afisa Ununuzi; naomba kirekebishwe ili niweze kusaini." Ambatanisha hiyo barua pepe ya tarehe 14. Kalamu iwekwe chini mpaka karatasi mpya ije.